Ziwa limefungwa, ada inadaiwa: nimwandikieje mkuu wa shule?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama, nauza dagaa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule binafsi ya bweni huko Kasulu. Ada ni 1,400,000 kwa mwaka, nusu Januari na nusu Julai. Ya Januari mimi najua nilimaliza. Shule inafunguliwa tarehe 1 Julai, wanataka 700,000, na mkononi nina 200,000 tu, maana ziwa limefungwa tangu tarehe 15 Mei na halifunguliwi mpaka 15 Agosti.*

*Januari nilimpigia mkuu wa shule simu kuomba muda, akasema "sawa mama, mlete tu." Mtoto alivyofika getini akarudishwa, jina lake liko kwenye orodha ya wadaiwa. Ikabidi nitume 60,000 kwenye simu ya mwalimu mmoja aliyesema atanilipia dirishani. Mpaka leo mhasibu anasema hiyo 60,000 haioni.*

*Safari hii nataka kuandika barua. Nimeanza hivi: "Mheshimiwa mkuu, nakuangukia miguuni, mimi ni mjane mwenye watoto watano, hali ya maisha ni ngumu sana, naomba unihurumie, nitalipa yote ziwa likifunguliwa, na Mungu atakubariki." Inatosha? Na akikataa je?*

*Mama wa Kibirizi, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa lile la getini.

Nianze na hilo hilo, kwa sababu ndilo litakaloamua barua yako iandikwe vipi. Kabla sijastaafu nilishika uhasibu wa shule moja ya bweni hapa Tabora kwa miaka tisa, na orodha kama ile iliyomrudisha binti yako nilikuwa naiandaa mimi. Ilikuwa hivi: siku mbili kabla ya kufungua, nachapa majina ya wote ambao daftari linaonyesha wanadaiwa. Nakala moja inakwenda kwa mlinzi, moja kwa mwalimu wa zamu, moja kwa matroni. Mkuu wa shule hakuwa anaipitia jina kwa jina. Basi mzazi akimpigia mkuu simu usiku, mkuu akasema "mlete tu," yule mkuu hakudanganya. Amekubali kweli, halafu amelala, na asubuhi anazo simu nyingine thelathini. Ruhusa yake haikufika kwenye karatasi iliyoko getini, na mlinzi anaisikiliza ile karatasi.

Kwa hiyo hauandiki ili kumlainisha mkuu moyo. Wako alikwisha lainika Januari. Unaandika ili ruhusa yake ipate miguu, itoke ofisini kwake, ipite kwa mhasibu, ifike getini kabla ya binti yako.

Sasa hayo maneno uliyoanza nayo. Magoti yaondoe. Ujane na watoto watano ni kweli, na anayekufahamu anajua mzigo unaoubeba, ila mkuu wa shule akishasoma hapo anabaki na swali moja tu: nimwambie nini mhasibu? Na jibu lako ni "ziwa likifunguliwa." Mhasibu hana safu ya "ziwa likifunguliwa" kwenye daftari lake. Ana safu ya tarehe na safu ya kiasi. Barua isiyojaza hizo safu mbili inawekwa chini ya rundo, tena bila ubaya wowote. Mimi mwenyewe nimeziweka nyingi chini ya rundo, na zilizokuwa zinalia zaidi ndizo zilizokuwa hazina tarehe.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, piga simu kwa mhasibu, si kwa mkuu, na uliza: "Naomba kujua deni la mwanangu kwa jumla mpaka leo, na limegawanyika vipi." Wewe unasema 700,000. Nina hakika yeye atasema 760,000. Ukiandika barua yenye 700,000, mkuu ataipeleka kwa mhasibu, mhasibu atasema mzazi huyu hata deni lake halijui, na barua imekufa kwa tofauti ya 60,000. Uliza pia kama ndani ya hiyo hesabu kuna michango mingine nje ya ada, maana shule nyingi huweka chakula, bima au tahadhari kwenye karatasi hiyo hiyo, na mara nyingine pesa uliyolipa kama ada imeingizwa huko.

Hiyo 60,000 usiigombanie ndani ya barua hii. Najua inauma. Lakini barua moja ikibeba ombi na malalamiko, msomaji anashika malalamiko na kuliacha ombi. Andika barua ya pili, fupi, kuhusu hiyo 60,000 peke yake. Tafuta kwenye simu ule ujumbe wa muamala, unakili namba ya kumbukumbu, tarehe, saa na namba iliyopokea. Kama ujumbe umefutika, nenda duka la mtandao wako na kitambulisho, uombe taarifa ya miamala ya Januari. Jina la mwalimu mtaje kwa mkuu tu, kwa utulivu, usimwite mwizi. Inawezekana alilipa na stakabadhi ikaandikwa jina la mtoto mwingine, nimeyaona hayo. Na kuanzia leo usitume tena ada kwenye simu ya mtu, hata kama ni mchungaji. Iende benki kwenye akaunti ya shule, na kwenye karatasi ya kuwekea pesa liandikwe jina la mwanafunzi na kidato, si jina lako wewe uliyeweka.

Kwenye barua ya ombi tutaikubali 760,000 kama mhasibu anavyoiona, halafu tutaacha mlango mmoja mdogo. Utauona hapo chini.

Tuje kwenye tarehe, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wazazi wengi wa mwambao wa ziwa wanajikwaa hapa. Unataka kuahidi tarehe 15 Agosti au siku mbili tatu baada yake. Usithubutu. Siku ziwa linapofunguliwa ni siku ya wewe kutoa pesa, kuingiza ni baadaye. Mtumbwi ukitia nanga unatakiwa uwe na mtaji wa kununua beseni za dagaa wabichi, na mtaji wenyewe umeula miezi mitatu ya kufungwa.

Halafu tazama mwezi. Wewe unalijua hili kuliko mimi, ila ukishika kalamu unalisahau. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi mingi inalala ufukweni. Kalenda ya mwaka 2024 inasema mwezi utakuwa mpevu tarehe 19 Agosti, siku nne tu baada ya ziwa kufunguliwa. Yaani wavuvi watafungua ziwa ndani ya mbalamwezi. Giza la kueleweka litaanza kama tarehe 26 Agosti, mwezi mwandamo utakuwa karibu na tarehe 3 Septemba, na giza hilo litakwenda mpaka kama tarehe 10. Dagaa wa giza hilo uwanunue, uwaanike siku moja au mbili kadiri ya jua, uwauze, mnunuzi wako akulipe. Pesa ya kwanza ya kweli itakuwa mkononi karibu na tarehe 12 au 13 Septemba, na sehemu kubwa ya hiyo ni lazima irudi kwenye mtaji, la sivyo giza la pili litakukuta unatazama wenzako wakinunua.

Giza la pili litaanza kama tarehe 25 Septemba mpaka 10 Oktoba hivi. Hapo mtaji umekaa sawa, jua bado lipo, na hilo ndilo giza lako la kulipa ada. La tatu litaanguka mwishoni mwa Oktoba na wiki ya kwanza ya Novemba, lakini wakati huo mvua za Kigoma zitakuwa zimeanza, na dagaa walioanikwa wakanyeshewa bei yake unaijua. Usiliwekee mzigo mkubwa giza la mvua.

Kwa hiyo ahadi zako zisilingane. Watu wanapenda kugawa deni sawa kwa sawa, inapendeza kwenye karatasi, lakini pesa yako haiji sawa kwa sawa. Mpango ninaokushauri ni huu: 200,000 uliyonayo uiweke benki kabla ya tarehe 1 Julai. Tarehe 13 Septemba ulipe 160,000. Oktoba ulipe 300,000, ndiyo kubwa kuliko zote. Novemba umalizie 100,000. Jumla ni 760,000, na deni limeisha kabla ya shule kufungwa Desemba.

Kwa Oktoba nilitaka kukuandikia tarehe 14, nikakumbuka ni Siku ya Nyerere, benki hazifunguliwi. Weka tarehe 15. Ni kitu kidogo, lakini mzazi aliyeahidi siku ya sikukuu na kulipa kesho yake anahesabiwa amechelewa.

Kama namba hizi zinakuzidi, zipunguze sasa, kabla ya barua kutoka. Kuahidi 120,000 ya Septemba na kuilipa ni bora kuliko 160,000 inayokuja nusu, alimradi tofauti uihamishie Oktoba, usiiache ikining'inia. Mimi mzazi aliyelipa kidogo alichosema, siku aliyosema, muhula uliofuata nilikuwa namuondoa kwenye orodha hata kabla mkuu hajaniambia.

Barua yenyewe basi. Iandike kwa mkono kama mwandiko wako unasomeka, au mpe mtu wa steshenari akuchapie. Isizidi ukurasa mmoja.

---

S.L.P. ........,
Kigoma.
Simu: ....................

17 Juni 2024

Mkuu wa Shule,
Shule ya Sekondari ....................,
S.L.P. ........,
Kasulu.

Ndugu Mkuu wa Shule,

YAH: OMBI LA KULIPA ADA YA MUHULA WA PILI KWA AWAMU NNE – (jina kamili la mwanafunzi), KIDATO CHA TATU, NAMBA YA USAJILI ........

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama mzazi wa mwanafunzi aliyetajwa. Kwa mujibu wa ofisi ya mhasibu, hadi tarehe ........ anadaiwa jumla ya shilingi 760,000, yaani ada ya muhula wa pili shilingi 700,000 na salio la muhula wa kwanza shilingi 60,000.

Kazi yangu ni kununua na kuuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zimesimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hivyo kwa sasa sina mapato, na mapato ya kwanza nitayapata mwezi Septemba. Kwa sababu hiyo naomba kulipa kama ifuatavyo:

Kabla ya tarehe 1 Julai 2024, shilingi 200,000 (stakabadhi ya benki nimeiambatisha).
Tarehe 13 Septemba 2024, shilingi 160,000.
Tarehe 15 Oktoba 2024, shilingi 300,000.
Tarehe 13 Novemba 2024, shilingi 100,000.

Kuhusu salio la shilingi 60,000 la muhula wa kwanza, nimeandika barua nyingine yenye uthibitisho wa malipo. Endapo ofisi itajiridhisha kwamba lililipwa, naomba lipunguzwe katika awamu ya mwisho.

Naomba pia, endapo ombi hili litakubaliwa, nipatiwe kibali cha maandishi ili mwanafunzi akionyeshe siku ya kufungua shule, na ofisi ya mhasibu ijulishwe.

Natanguliza shukrani.

Wako katika malezi,

(saini)
(jina kamili)
Mzazi

Nakala: Mhasibu wa Shule

---

Angalia ile sentensi ya 60,000. Haimtuhumu mtu, lakini ikithibitika kuwa ililipwa, awamu yako ya Novemba inashuka kutoka 100,000 mpaka 40,000, ndani ya mvua. Na ile sentensi ya kibali ndiyo roho ya barua. Ukiiacha, unarudi kule kule kwa "mlete tu."

Ziwa nimelitaja kwa sentensi moja tu. Kuna mtu atakwambia kila mtu anajua ziwa limefungwa. Kigoma mjini, ndiyo. Mkuu aliyeko Kasulu, ambaye wazazi wengi wa wanafunzi wake ni wakulima wa maharage na mahindi, amesikia redioni na amepita. Hajui kwamba wewe usiyevua, unayenunua tu, nawe umefungwa. Ndiyo maana ningekushauri uambatishe barua fupi kutoka kwa mwenyekiti wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wako, inayosema wewe ni mfanyabiashara wa dagaa hapo na kwamba mwalo haupokei dagaa kipindi hiki. Barua ya mtendaji wa mtaa nayo ni nzuri, lakini mtendaji anathibitisha unakoishi. Wa BMU anathibitisha pesa yako inatoka wapi na kwa nini imesimama. Ambatisha na nakala ya stakabadhi za Januari ulizonazo. Mkuu akiona 640,000 ililipwa Januari kwa benki, anajua anaongea na mtu anayelipa.

Hiyo 200,000 iweke benki kwanza, halafu ndipo barua iende ikiwa na stakabadhi. Utashawishika kuibakiza kwa ajili ya mtaji wa Agosti, najua. Lakini ombi la muda lisilo na shilingi ndani yake linasomeka kama ombi la kusamehewa, na hilo ni ombi jingine kabisa. Mkuu wa shule binafsi anaweza kukuongezea muda kwa uwezo wake. Kupunguza ada kwa kawaida si lake, ni la mwenye shule au bodi. Usiyachanganye, utapelekwa kwenye kikao cha bodi, na kikao chenyewe huenda kikakaa Agosti.

Barua usimkabidhi mtoto aipeleke siku ya kufungua. Siku hiyo ofisi ya mkuu imejaa magodoro, wazazi na wagonjwa wa safari. Ifike angalau wiki moja na nusu kabla. Ukiweza kwenda Kasulu mwenyewe nenda, chukua nakala mbili, moja waipokee, nyingine wakugongee muhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Usiondoke bila muhuri. Kama nauli ni tatizo, mpe dereva au ndugu anayekwenda, naye arudi na nakala yenye muhuri. Picha ya barua kwa simu itume pia kwa mkuu na mhasibu, ila isichukue nafasi ya karatasi.

Zikipita siku nne bila jibu, piga simu, na safari hii uliza kwa jina la barua: "Naulizia barua yangu ya tarehe 17 Juni, ilipokelewa tarehe fulani." Sauti ya mtu mwenye tarehe inajibiwa tofauti.

Umeuliza akikataa. Kukataa kabisa ni nadra kama umelipa sehemu. Linalotokea zaidi ni mkuu kurudi na masharti: lipa nusu kwanza, 380,000, mengine tutaongea. Usikubali simuni kwa aibu halafu ukakopa kwa mtu wa riba ya mtaani ili uijazie hiyo 180,000 inayopungua. Deni la riba litakula giza lako la Septemba na Oktoba, na ada haitalipwa. Mwambie: "Mkuu, kabla ya Septemba siwezi kuongeza zaidi ya kiasi fulani," utaje kiasi unachoweza kweli, iwe 40,000 au 50,000, ukitoe kwenye awamu ya Novemba. Kama kuna kikundi chako cha kuweka na kukopa ambacho riba yake unaijua na marejesho yanaanza baada ya Septemba, hapo sawa. Akishikilia kabisa, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha uombe kuonana na meneja au mwenye shule ukiwa na barua ile ile. Huhitaji kuandika nyingine.

Kuna msomaji atauliza mbona elimu ni bure. Ni bure kwenye shule za serikali. Ada ya 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni iliondolewa kuanzia Januari 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, na mwaka 2022 ikafuata kidato cha tano na sita. Shule ya binti yako ni binafsi, ni makubaliano kati yako na wao, na ndiyo maana barua yenye tarehe ina nguvu huko kuliko hotuba.

Sasa jambo la mwisho, la siku ambayo mambo yatakwenda mrama, maana ziwa halina mkataba. Tuseme giza la Septemba limepita na upepo, mitumbwi haikutoka, na tarehe 13 unayo 70,000 badala ya 160,000. Usinyamaze. Tarehe 10 au 11, kabla ya siku ya ahadi, weka hiyo 70,000 benki na utume ujumbe kwa mkuu na mhasibu wote wawili: "Kuhusu makubaliano yetu ya ada ya (jina), leo nimelipa 70,000, stakabadhi hii hapa. 90,000 iliyobaki naihamishia tarehe 15 Oktoba, siku hiyo nitalipa 390,000." Maneno machache, bila upepo mrefu. Ujumbe uliokuja kabla ya tarehe nilikuwa naubandika kwenye ukurasa wa mwanafunzi na naendelea na kazi. Uliokuja baada ya tarehe ulinikuta nimeshaandika jina.

Kibali kikija, kinakili mara mbili. Kimoja binti akishike mkononi tarehe 1 Julai, asikiweke ndani ya begi akatafuta mbele ya mlinzi. Cha pili akibandike na selotepu ndani ya mfuniko wa tranka, kwa ajili ya matroni, kwa sababu orodha ya bwenini huwa inachelewa kurekebishwa kuliko ya getini.